Mtoto akisema ‘ukari’, usiulaumu ulimi kabla ya kupima masikio

JE, una mtoto ambaye amefika umri wa kwenda shule lakini bado husema “ukari” badala ya “sukari”, na “amaki” badala ya “samaki”? Yamkini umeambiwa na majirani kwamba ulimi wake ni mzito. Huenda hata umeshauriwa umpeleke akakatwe ule uzi ulio chini ya ulimi. Kabla hujafanya hivyo, msomaji, jiulize swali moja: je, mtoto huyo amewahi kuisikia hiyo sauti ya “s” inavyotoka kinywani mwako?

Mtoto hajifunzi kutamka kwa kufundishwa ulimi uende wapi. Hakuna mama anayemweleza mwanawe mchanga kwamba ili aseme “s” ni lazima ainue ulimi karibu na ufizi, abakishe upenyo mwembamba, kisha asukume pumzi. Mtoto husikia sauti, hujaribu kuitoa, hujisikiliza mwenyewe, kisha hurekebisha. Masikio ndiyo mwalimu. Sauti ambayo mwalimu huyo haipati, kinywa nacho hakiipati.

Jambo ambalo huwapotosha wazazi wengi ni kwamba mtoto wa aina hii si kiziwi. Ukimwita jina, anageuka. Mlango ukigongwa, anashtuka. Redio ikichezwa, anacheza ngoma. Basi mzazi husema, “Huyu anasikia vizuri, ni ukaidi tu.” Ukweli ni kwamba anasikia baadhi ya sauti na baadhi zinampita, na zile zinazompita hazipotei ovyo. Zina mpangilio wake.

Kila sauti ina mahali pake

Sauti zote ni mitetemo ya hewa. Sauti nzito, kama ile ya ngoma kubwa, hutetema mara chache kwa sekunde. Sauti nyembamba, kama ya filimbi au ya mbu sikioni, hutetema mara nyingi. Maneno yetu yamechanganya sauti hizi zote mbili.

Irabu, yaani a, e, i, o na u, hubeba nguvu nyingi katika sauti nzito, hasa chini ya mitetemo 1,000 kwa sekunde. Sauti m na n ni nzito pia. Mngurumo wake uko kwenye mitetemo 300 hivi. Ukipanda juu unaikuta “sh”, ambayo nguvu yake huanzia mitetemo 2,000 hivi. Juu zaidi kuliko hizo zote ndipo inapokaa “s”. Nguvu yake kubwa iko juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde, na ikitamkwa na mwanamke au mtoto hufika 8,000 na kupita.

Pamoja na hayo, sauti hazilingani kwa nguvu. Irabu hupigwa na mfumo mzima wa koo na kinywa, ndiyo maana ukimwita mtu aliye ng’ambo ya bonde unavuta irabu. Sauti kama f, th ya “thelathini” na h ni pumzi tupu inayopita. Tofauti ya nguvu kati ya irabu kali kabisa na th au f hufikia desibeli 30 hivi, yaani tofauti kama ile iliyopo kati ya mtu anayezungumza kawaida na mtu anayenong’ona.

Kwa hivyo sauti inaweza kumpotea mtoto kwa njia mbili. Ama ni nyembamba mno kwa sehemu ya sikio iliyoharibika, ama ni dhaifu mno kwa sikio ambalo limezibwa. Sauti ya “s” ina bahati mbaya katika yote mawili: ni nyembamba kuliko nyingine zote, na haina nguvu nyingi. Hiyo ndiyo sababu aghalabu huwa ya kwanza kutoweka.

Kwa nini sauti nyembamba hupotea kwanza?

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja mithili ya gamba la konokono, kiitwacho koklea. Ndani yake zimepangwa seli zenye vinyweleo ambazo hupokea mitetemo na kuipeleka kwenye mshipa wa fahamu. Seli hizi zimegawana kazi. Zilizo karibu na mlango wa koklea hupokea sauti nyembamba, na zilizo mwisho wa msokoto hupokea sauti nzito.

Seli za mlangoni ndizo huumia kwanza. Dawa za sindano za jamii ya jentamisini na streptomaisini, ambazo huokoa maisha ya watoto wachanga na wagonjwa mahututi, zinaweza kuzidhuru seli hizo zikitumika kwa kipimo kikubwa au kwa muda mrefu. Kelele kali nayo huharibu upande huo huo. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuharibu koklea nzima, na wapo watoto wanaorithi udhaifu huu kutoka kwa wazazi ambao wao wenyewe wanasikia vyema. Seli hizi zikishakufa hazimei tena.

Mtoto wa namna hii hubaki na usikivu mzuri wa sauti nzito. Anausikia mlango, anaisikia ngoma, analisikia jina lake. Kinachokosekana ni kile cha juu tu.

Mfano wa msichana wa Gredi ya 1

Hebu tumfuate msichana mmoja wa miaka sita, ambaye hatutamtaja jina. Alipokuwa mchanga alilazwa kwa wiki kadhaa na kutibiwa kwa sindano. Alipona, akakua, akatembea kwa wakati. Alianza kuongea akiwa amechelewa kidogo, lakini kwa kuwa ni mtulivu hakuna aliyejali.

Nyumbani husema “aa ita” kwa maana ya “saa sita”. Akitaka kisu husema “kiu”, na siku moja aliletewa maji. “Zawadi” kwake ni “dawadi”. Lakini sikiliza jambo la ajabu: “fimbo” huitamka sawasawa, na “mama”, “baba”, “ngoma” na “mbuzi” hayampi shida kubwa, ila huyo wa mwisho humwita “mbudi”.

Mbona “f” anaiweza ilhali nayo ni dhaifu? Ni kwa sababu anaiona. Mtu akisema “f”, meno ya juu hugusa mdomo wa chini mbele ya macho ya mtoto. Sauti ya “s” hufichwa nyuma ya meno, haionekani. Masikio hayaipati na macho hayaipati. Kuhusu “z”, hiyo hubeba mngurumo wa koo ambao ni mzito, kwa hivyo anasikia kwamba kuna kitu pale, ila hasikii mkwaruzo wake. Anaweka sauti iliyo karibu, nayo ni “d”.

Shida haikuishia kwenye matamshi. Lugha yetu ya Kiswahili huweka maneno madogo yenye maana kubwa kwenye sauti dhaifu. Mama humwambia, “Hii si yako.” Mtoto husikia, “Hii i yako.” Kwa kuwa “n” ni sauti nzito naye huisikia mara nyingi, anajua kwamba watu husema “hii ni yako”, basi anaichukua. Anachapwa kwa kuiba kitu alichodhani amepewa. Vivyo hivyo, “sitaki” humfikia kama “itaki”, na “hajui” kama “ajui”. Mwalimu naye ameandika kwenye ripoti kwamba mtoto hafuati maagizo.

Hatimaye alipopimwa katika chumba cha utulivu, akavishwa vifaa vya masikioni na kuchezeshwa mlio mmoja baada ya mwingine, picha ilijitokeza. Kwa mlio wa mitetemo 500 alisikia kwenye desibeli 15, ambayo ni hali ya kawaida. Kwa mlio wa 1,000 alihitaji desibeli 20. Kwa 2,000 alihitaji 45. Kwa 4,000 alihitaji 65. Ukiichora chati hiyo utaona mstari unaoporomoka kama mteremko wa mlima. Irabu na m na n ziko juu ya mteremko, salama. “Sh” iko katikati, anaipata kwa shida ukiwa karibu naye. “S” iko bondeni.

Kama mteremko ungeanza mapema zaidi, tuseme kwenye mitetemo 1,000, hata irabu zingeguswa. Sauti “i” na “u” hufanana katika sehemu yake nzito. Kinachozitenganisha ni sehemu ya juu ya “i”, ambayo kwa sauti ya mwanamke hupita mitetemo 2,000. Mtoto asiyeipata sehemu hiyo husikia “i” kama “u” hafifu, naye huzichanganya katika usemi wake.

Sikio lililozibwa

Aina ya pili ya tatizo huwapata watoto wengi zaidi. Baada ya mafua au maumivu ya sikio, maji mazito kama gundi hubaki nyuma ya kiwambo cha sikio. Mtoto halii, hana homa, na ukichungulia sikioni kwa macho tu huoni kitu. Lakini kiwambo hakitetemi vizuri.

Hapa koklea ni nzima. Sauti zote, nzito na nyembamba, hupunguzwa kwa pamoja, mara nyingi kwa desibeli 20 hadi 30 hivi. Jaribu kuziba masikio yako kwa vidole halafu umsikilize mtu aliye upande wa pili wa chumba. Irabu utazisikia. Zitakazozama ni zile pumzi: f, th, h na s.

Dalili yake ni kigeugeu. Wiki hii mtoto anasema “samaki” vizuri, wiki ijayo anasema “amaki”, kulingana na maji yanavyojaa na kupungua. Anaongeza sauti ya televisheni. Husema “eeh?” mara kwa mara. Darasani akiketi mbele yuko sawa, akiketi nyuma amepotea. Mtoto ambaye sikio lake hutoa usaha kwa majuma mengi yuko katika kundi hili pia, na hali yake ni mbaya zaidi kwa kuwa huenda kiwambo kimetoboka.

Je, ni masikio, umri au lugha ya mama?

Si kila mtoto anayekosea ana tatizo la kusikia. Kuna mambo matatu ya kuchunguza.

La kwanza ni umri. Mtoto wa miaka mitatu kusema “lafiki” kwa “rafiki” ni jambo la kawaida, na sauti kama th na dh huchelewa kuiva kwa watoto wengi. Lakini mtoto akitimiza miaka minne, mgeni asiyemzoea anapaswa kuelewa karibu yote anayosema. Ikiwa ni mama peke yake anayemwelewa, hapo pana jambo.

La pili ni lugha ya nyumbani. Wapo Wakenya wanaosema “samba” kwa “shamba” na wengine wanaobadilisha r na l, kwa kuwa lugha zao za kwanza hazitofautishi sauti hizo. Mtoto aliyelelewa hapo hufuata wakubwa wake. Njia ya kutofautisha ni rahisi: msikilize anapoongea lugha ya mama. Athari ya lugha huonekana anapozungumza Kiswahili au Kiingereza, ilhali lugha yake ya kwanza huinena kama bibi yake. Mtoto asiyesikia vizuri huiacha sauti ile ile katika lugha zote.

La tatu ni kithembe. Mwenye kithembe huitoa pumzi ya “s”, ila ulimi umejitokeza katikati ya meno, na jambo hili ni la kawaida pia kwa mtoto aliyeng’oka meno ya mbele. Weka kiganja chako mbele ya kinywa chake aseme “sa”. Ikiwa pumzi ipo lakini mlio umepinda, huenda ni kithembe. Ikiwa pumzi haipo kabisa, shuku masikio. Hata hivyo, dalili hii pekee haikati shauri. Mtoto yeyote mwenye shaka anafaa kupimwa.

Jaribio la sauti sita

Kuna jaribio ambalo unaweza kulifanya leo jioni bila kununua chochote. Lilitokana na kazi ya Profesa Daniel Ling, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada. Alichagua sauti chache ambazo zikipangwa pamoja hugusa kila sehemu ya usemi, kutoka nzito hadi nyembamba. Sauti zenyewe ni m, u, a, i, sh na s. Kwa bahati njema zote sita zimo katika Kiswahili.

Zima redio na televisheni. Mketishe mtoto, nawe simama nyuma yake umbali wa mita moja ili asione kinywa chako. Mpe kikombe na maharagwe machache, umfundishe mchezo: kila akisikia sauti anatia haragwe moja kikombeni. Aliye mkubwa zaidi mwambie arudie alichosikia. Kisha tamka sauti moja moja kwa nguvu ya mazungumzo ya kawaida. Usipaze sauti. Tamka “sss”, usiseme “se” wala “es”, maana ukiongeza irabu atasikia irabu na kukudanganya. Wakati mwingine nyamaza kwa sekunde kumi uone kama anatia haragwe kwa kubahatisha.

Akizipata zote, rudi nyuma hadi mita tatu urudie. Akikosa “s” peke yake, au “s” na “sh”, shuku lile tatizo la mteremko. Akizipata zote leo kwa mita moja lakini akikosa kwa mita tatu, na wiki ijayo matokeo yakabadilika, shuku sikio lililozibwa. Akikosa hata “m” au “u”, usingoje siku nyingine.

Jaribio hili lina mipaka. Halipimi sikio moja moja, kwa hivyo mtoto mwenye sikio moja bovu anaweza kulipita. Halitambui kasoro ndogo. Kazi yake ni kukuambia uende ukapimishe, wala si kukuambia usiende.

Ukienda kupimisha

Anzia hospitali yenye kliniki ya masikio, pua na koo. Unaweza pia kwenda kwenye vituo vya kukagua watoto wenye mahitaji maalumu vilivyo chini ya Wizara ya Elimu, au kwenye Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi. Uliza mambo mawili: kiwambo cha sikio kinatetema vipi, na chati ya usikivu inaonyesha nini kwa kila sikio, hasa kwenye mitetemo 4,000. Mtoto mchanga asiyeweza kujibu hupimwa akiwa amelala, kwa mitambo inayosoma mwitikio wa koklea au wa ubongo.

Ikiwa ni maji nyuma ya kiwambo, daktari anaweza kungoja miezi mitatu, kwa kuwa mara nyingi hukauka yenyewe. Yakikataa na usikivu ukawa chini, hutobolewa na kuwekwa mrija mdogo sana wa kupitisha hewa. Usijaribu kuyatoa kwa kijiti cha pamba wala kumwaga mafuta. Yako nyuma ya kiwambo na hutayafikia.

Ikiwa koklea ndiyo imeharibika, mtoto huvishwa vifaa vya kusaidia kusikia. Hapa kuna jambo ambalo wazazi wachache huambiwa. Vifaa vingi hukuza sauti vizuri hadi mitetemo 5,000 hivi, na “s” ya mama au ya mtoto mwenyewe iko juu ya hapo. Mtoto anaweza kusikia “s” ya baba na akaikosa ya mama. Kwa hivyo mwambie mtaalamu ahakikishe kwamba “s” ya sauti nyembamba inafika. Baadhi ya vifaa vya siku hizi huweza kuishusha sauti hiyo hadi mahali ambapo mtoto anasikia. Na kila asubuhi, kabla ya shule, rudia zile sauti sita. Mtoto asiposikia alichosikia jana, betri imekwisha au kifaa kimezibwa na nta.

Hata sauti ikifika, kinywa hakijui mara moja la kufanya. Yule msichana wetu alivishwa vifaa viwili, na bado ilimchukua miezi mingi na mtaalamu wa matamshi. Alianza kwa kusikiliza tu, akionyesha ni lini “s” ipo na ni lini haipo. Kisha aliweka kipande cha karatasi mbele ya midomo akaona pumzi ikikipeperusha. Baadaye akajifunza sa, se, si, so, su, halafu maneno. Baadhi ya maneno ya zamani bado humponyoka anapokuwa na haraka, kwa kuwa mazoea ya miaka sita hayafutiki kwa muhula mmoja.

Lakini mama yake anasema kwamba mabadiliko ya kwanza aliyaona kabla ya ulimi kubadilika. Jioni moja alimwambia, kama alivyokuwa amemwambia mara nyingi, “Hii si yako.” Mtoto aliirudisha mezani, akamuuliza ni ya nani.